Hoja ya Tatu: Fomu Zilizosainiwa Tupu

Meneja wa fedha wa kampuni ile ya pampu za maji aliitwa Kalamu, na msidhani alipewa jina hilo kwa kuandika vizuri. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku aliyetoroka kisu. Aliitwa hivyo kwa kusaini. Mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo, mlikaa kalamu moja nene ya wino wa kijani, na ukimpelekea karatasi yoyote, hata ya kuagiza sabuni ya choo, aliichomoa kwa madaha kama mtu anayechomoa upanga. Saini yenyewe ilikuwa na mikunjo mitatu na mkia. Wafanyakazi walisema ule mkia peke yake ulimaliza wino wa wiki.

Utani wote mjini ulikuwa wake. Aliyechelewa kazini alimpa pole ya msiba, aliyenyoa alimwuliza kama kichwa ni chake au ameazima. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa nne asubuhi, alipokaa kimya mbele ya kompyuta yake kwa dakika ishirini nzima, katibu muhtasi alichungulia mlangoni mara mbili kuhakikisha kwamba anapumua.

Kilichomnyamazisha kilikuja kwa barua pepe kutoka kwa wakaguzi wa nje. Kurasa kumi na nne. "Rasimu ya Barua kwa Menejimenti: Udhaifu Uliobainika katika Mfumo wa Udhibiti wa Ndani." Mapendekezo yamo, majibu ya menejimenti yameachiwa nafasi wazi, na chini imeandikwa: tafadhali jazeni kabla ya kikao cha kuhitimisha ukaguzi, Alhamisi.

Kalamu aliisoma kama watu wa fedha wote wanavyosoma barua za namna hiyo, yaani hakuisoma. Alitafuta rangi. Nyekundu ni hatari ya Juu: hiyo hupelekwa kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi, na mkurugenzi hupoteza usingizi. Njano ni Kati: itengenezwe ndani ya miezi michache. Kijani ni Chini: mambo ya kufuta vumbi. Akateremsha ukurasa hadi ukurasa. Hoja saba. Kijani nne, njano tatu, nyekundu hakuna. Akashusha pumzi, akataka kumwita katibu muhtasi amtanie kidogo.

Ndipo jicho likatua kwenye hoja ya tatu. Njano.

"Tulipokagua mfululizo wa namba za fomu za kutolea mali stoo, tuliomba kuona pia kitabu ambacho hakijamalizika. Fomu namba 0413 hadi 0450 zilikuwa zimeshasainiwa na muidhinishaji, ilhali sehemu za tarehe, bidhaa, idadi na mpokeaji ni tupu. Athari: mali inaweza kutoka stoo bila idhini ya kweli. Kwa fomu namba 0409, yenye saini hiyo, zilitoka mota nne za pampu ambazo hadi tunaandika hazijulikani ziliko, na mwandiko uliojaza fomu haujatambuliwa. Kiwango cha hatari: Kati, kwa kuwa tumekuta kitabu kimoja tu, na kwa kuwa menejimenti ilishatuarifu kwamba hoja ya mwaka jana kuhusu idhini za stoo imetekelezwa."

Hapakuwa na jina la mtu. Barua za wakaguzi hazitaji watu, hutaja vyeo. "Muidhinishaji." Lakini wino wa kijani katika kampuni nzima ulikuwa wa mtu mmoja, na fomu thelathini na nane zenye mkia uleule ni sawa na kumpigia mtu picha thelathini na nane akiwa bafuni.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana aibu ya Kalamu haikuanzia kwenye kitabu. Mwaka uliotangulia wakaguzi walikuta fomu nyingi za stoo hazina saini ya muidhinishaji kabisa. Sababu ilikuwa ya kawaida: Kalamu ndiye muidhinishaji, na Kalamu kutwa yuko njiani, mara benki, mara tawi la pili, mara kwenye vikao. Mteja amesimama stoo, pampu ya kijiji kizima imekufa, spea iko rafuni. Mali ikatoka, saini ikasubiri, saini ikasahaulika. Wakaguzi wakashauri: kila fomu isainiwe kabla mali haijatoka.

Naye Kalamu akajibu kwa mkono wake: "Imekubaliwa. Imetekelezwa mara moja."

Kweli aliitekeleza. Ijumaa ya wiki ileile alimwita mtunza stoo, akamwambia alete kitabu kipya chenye fomu hamsini, akazisaini zote kwa mkupuo huku akinywa chai. "Si wamesema kabla?" alicheka. "Haya, hii ndiyo kabla. Hata wao hawajawahi kuona kabla ya namna hii."

Mtunza stoo hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, anayejua kila nati rafuni kwa ukubwa wake bila kupima. Ndiyo maana walimwita Mama Nati. Alisimama na kitabu mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu.

"Bosi, hizi tupu si nzuri. Iko siku zitatutoa machozi."

"Mama Nati, unaogopa saini yangu? Wenzako wanaiomba kwa magoti."

"Naiogopa ikiwa peke yake, bosi."

Alicheka tena, akamsimulia kila mtu: Mama Nati anaogopa saini. Kwa mwezi mzima wakimpita stoo walimwonyesha kalamu, wakijifanya wanamtishia. Kitabu cha kwanza kikaisha, cha pili kikaja. Mama Nati akawa anavifungia kwenye droo yenye kufuli na kutembea na ufunguo shingoni. Ila mwezi wa likizo yake ufunguo ulibaki kwa mtu wa zamu, kisha kwa mtu mwingine wa zamu, na mota nne zikatembea kwa miguu yao.

Saa sita mkurugenzi alimwita Kalamu ofisini. Alikuwa mtu mpole wa sauti, ambaye mkataba wake ulikuwa mezani kwa bodi ukingojea kuongezwa.

"Ndugu yangu, hakuna nyekundu. Nimefurahi."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini hii ya tatu inanichoma. Kitabu kilikaa kwa nani?"

"Stoo."

"Ufunguo wa nani?"

"Wa Mama Nati. Ila alikuwa likizo."

"Na aliuacha hovyo. Basi jibu ndilo hilo. Andika mtunza stoo alikiuka utaratibu, ataondolewa. Wakaguzi wakiona tumechukua hatua kali, huenda wakaishusha ikawa kijani. Au unaonaje?"

Kalamu alikuwa na maneno. Alikuwa nayo tangu saa nne. Mkurugenzi alikuwa amemtazama tu, na nadhani alikuwa anajua wino wa kijani ni wa nani, lakini alimwachia mlango wazi kabisa, na mtu akiachiwa mlango wazi hivyo miguu hujiendea.

"Sawa, mzee," alisema.

Akarudi kwenye kompyuta, akaandika ndani ya nafasi wazi: "Imekubaliwa. Mtunza stoo alishindwa kulinda vitabu vya fomu. Ataondolewa kazini. Mhusika wa utekelezaji: meneja wa fedha. Tarehe: mwisho wa mwezi." Aliyasoma. Sentensi zilikuwa safi, kila moja ingepita mtihani wa shule. Akahisi masikio yanawaka, akafungua dirisha, hayakupoa.

Alipotoka kwenda nyumbani ilimbidi apite stoo. Mama Nati alikuwa anahesabu pete za mpira.

"Bosi leo hujaniambia nimenenepa," alisema. "Unaumwa?"

"Kichwa kidogo."

"Wakaguzi?"

"Ah, kawaida yao. Njano njano tu."

"Ile ya kitabu?"

"Na ile."

Mama Nati alirudia kuhesabu kuanzia moja.

Nyumbani, kabla ya chakula, binti yake wa mwisho alimletea karatasi ya shule, safari ya kwenda kuona bwawa la umeme. "Baba, saini hapa, chini." Kalamu akachomoa kalamu, akaiweka kwenye mstari, akasimama. Akaanza kusoma kuanzia juu. Akasoma jina la shule, tarehe, saa ya kuondoka, kwamba mtoto abebe maji, kwamba mzazi anakubali asiogelee.

"Baba unasoma?" binti alishangaa, akapaza sauti jikoni. "Mama! Baba anasoma!"

Mkewe akatokea na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe akifuata mistari kwa kidole, akarudi jikoni. Baadaye, watoto walipokuwa kwenye televisheni, alimwuliza: "Kuna nini kazini?"

"Kuna mtu ataondolewa."

"Kafanya nini?"

"Alinionya," Kalamu alisema.

Alhamisi kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, feni yenye ubawa mmoja uliopinda ukigonga kila mzunguko. Upande mmoja mkurugenzi na Kalamu. Upande wa pili mkaguzi kiongozi, mwanamke kijana wa miwani, pamoja na msaidizi aliyekuwa akiandika tu. Huyu mkaguzi Kalamu alikuwa amemtania wiki tatu nzima. Alimwita "binti wa darubini," akamwambia akikosa kosa atatafuta hata kwenye chumvi. Mkaguzi alitabasamu kila mara na kuendelea kuomba nyaraka.

Walipitia hoja ya kwanza na ya pili. Walipofika ya tatu, mkurugenzi akasafisha koo.

"Hapa tumechukua hatua kali. Tunaomba muifikirie kuwa Chini. Ni uzembe wa mtu mmoja."

"Ningependa kumsikia," mkaguzi alisema.

Mama Nati akaitwa. Aliingia na koti lake la kazi la bluu, akakataa kiti. Mikono aliifumbata mbele, na Kalamu aliona kwamba ameikwangua grisi kwenye kucha hadi ngozi ya vidole imekuwa nyekundu.

"Mama, kitabu hiki kilisainiwa vipi kabla ya kujazwa?" mkaguzi aliuliza kwa upole.

Ubawa wa feni uligonga mara mbili, tatu.

"Ni mimi," Mama Nati alisema. "Nilimsumbua meneja. Nilimwambia kazi inasimama, asaini mapema. Yeye hakutaka."

Kalamu alitazama meza. Mezani palikuwa na alama ya glasi, duara la maji. Alilitazama lile duara kama vile lina maandishi.

"Na ni kitabu hiki kimoja?"

"Kimoja."

Mkurugenzi akaegemea nyuma. Unajua jinsi mtu anavyoegemea pale gari lililokuwa linasita linapowaka. Msaidizi akageuza ukurasa. Mama Nati alikuwa amemaliza. Alingoja kuambiwa aende. Hakumtazama Kalamu hata mara moja, na kutotazama huko ndiko kulikomchoma. Angemtazama kwa hasira, angejitetea moyoni. Angemtazama kwa huruma, angekasirika. Lakini mama yule alitazama ukutani kama mtu anayelipa nauli.

"Si kimoja," Kalamu alisema.

Sauti ilitoka nyembamba. Mkurugenzi alimgusa mguu chini ya meza, na si kwa bahati mbaya.

"Samahani?" mkaguzi alisema.

"Ni vitabu tisa. Vyote. Kuanzia 0001. Nilianza wiki ileile barua yenu ya mwaka jana ilipofika. Ninyi mlisema zisainiwe kabla. Mimi nikazisaini kabla. Zote, Ijumaa, nikinywa chai." Alitaka kucheka hapo, kwa mazoea, uso ukakataa. "Huyu mama hakunisumbua. Alinikataza. Nikamfanya kichekesho cha ofisi. Na lile jibu mlilonalo hapo, la kumwondoa, nimeliandika mimi."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.

"Kuna jingine nalijua na mimi," alisema taratibu. "Mwezi uliopita nilichagua fomu ishirini na tano kuhakiki kama hoja ya mwaka jana imetekelezwa. Zote zilikuwa na saini. Nikaandika 'zimeidhinishwa.' Sikujiuliza kwa nini wino ni uleule na mkono ni uleule wakati tarehe zinapishana miezi kumi. Hilo litaingia kwenye faili letu, na bosi wangu ataniita." Akageukia barua. "Lakini kwa hapa, mkurugenzi, siwezi kuiacha njano. Udhibiti haukuwepo mwaka mzima. Mali imepotea. Na hoja ya zamani iliripotiwa imetekelezwa, haikutekelezwa. Hiyo ni hoja iliyojirudia. Inakwenda Juu."

"Juu inakwenda kwa bodi," mkurugenzi alisema, sauti bado pole, ila sasa ulikuwa upole wa jiwe.

"Inakwenda kwa bodi."

Mkurugenzi akamgeukia Kalamu. "Watu hukaa vikao hivi kushusha rangi, Kalamu. Wewe umekuja kupandisha." Kisha, chini kidogo: "Mbele ya mtunza stoo."

Siku nyingine Kalamu angekuwa na jibu la kuchekesha chumba kizima. Siku hiyo alisema tu, "Ndiyo, mzee."

Walipotoka, alimkuta Mama Nati kwenye ngazi.

"Kwa nini ulisema vile?" alimwuliza. "Ungeniacha niumbuke."

"Bosi, mimi nina wawili wanasoma. Ningekutaja, ungekana. Neno lako na langu, nani angeaminiwa? Nikikubeba, labda ungeona haya ukanitafutia pa kujishikiza. Hata stoo ya tawi la pili." Akatengeneza kola ya koti. "Kwa hiyo usinishukuru. Nilikuwa naokoa kazi yangu."

"Ulijua ningekana?"

Mama Nati alifikiri, kwa uaminifu wa mtu anayeulizwa idadi ya pete.

"Nilikuwa na hakika," alisema, akashuka.

Hilo ndilo lililomkaa. Bodi ilimwita wiki iliyofuata, wakamwuliza maswali saa nzima, mmoja akamwuliza kama anajua maana ya neno idhini, na alijibu yote akiwa amesimama. Wakampa onyo la maandishi, wakamvua madaraka ya kuidhinisha mali ya stoo; hayo yakapewa meneja wa uendeshaji, ambaye ofisi yake inapakana na stoo, au naibu wake, yeye akikosekana. Mkataba wa mkurugenzi uliongezwa mwaka mmoja badala ya mitatu, na tangu hapo alimwita Kalamu kwa cheo chake kamili. Suala la mota likapewa mchunguzi kutoka nje. Yote hayo aliyameza. Lakini "nilikuwa na hakika" lilikataa kushuka. Miaka kumi na mmoja amefanya kazi na mama yule, amemchekesha kila asubuhi, na mama alipohitaji kupima kama bosi wake atasema kweli, hakuwa na shaka hata nukta.

Barua ya mwisho ilipokuja, hoja ya tatu ilikuwa imehamishwa ikawa ya kwanza, nyekundu tupu, na pembeni neno "imejirudia." Majibu ya menejimenti Kalamu aliyaandika upya. Yalikuwa mafupi: muidhinishaji alisaini fomu tupu kwa ridhaa yake, vitabu vyote vya zamani vimebatilishwa na kuhifadhiwa, fomu sasa husainiwa zikiwa zimejazwa, mbele ya mali yenyewe, mtunza stoo hahusiki na udhaifu huu. Kwenye neno "imetekelezwa" alisita, akaandika "inaendelea, mje muone."

Mwezi mmoja baadaye bomba la maji la jengo lao wenyewe lilipasuka, na kiungo kilichotakiwa kilikuwa stoo. Kalamu akashuka mwenyewe.

"Nipe kile cha inchi moja, Mama Nati. Choo cha ghorofa ya pili kinatapika."

Mama Nati akafungua droo, akatoa kitabu kipya, akakisukuma kaunta hadi mbele yake. Kalamu akajaza tarehe, bidhaa, idadi, mpokeaji. Mkono ukaenda mfukoni kwa mazoea, ukakuta kalamu ya bluu ya kawaida. Ile ya kijani aliiacha nyumbani, watoto wanachorea miti. Alipofika mstari wa muidhinishaji akasimama.

"Meneja wa uendeshaji yuko wapi?"

"Katoka. Naibu yuko kwenye simu. Atakuja."

"Kiungo si kile pale? Nakiona."

"Na mimi nakiona, bosi."

Kalamu alingoja apewe tabasamu, hata dogo. Mama Nati alikuwa ameshaanza kuhesabu skrubu. Basi Kalamu akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, kati ya fundi mmoja mwenye ndoo na mzee aliyekumbatia pampu yake iliyokufa. Fundi akamtazama tai yake, akamwuliza kama na yeye amekuja kufuata spea.

"Ndiyo," alisema. "Nasubiri saini."